Jinsi ya kuandika rosti ya nyota kwa televisheni: dongo lipi libaki, lipi likatwe

Rosti ni kipindi ambacho nyota huketi jukwaani akichambwa kwa utani na wenzake. Wanaoiandika kwa mara ya kwanza huuliza maswali matatu yale yale: niandike madongo mangapi, niyapange vipi, na nani ana neno la mwisho kuhusu kukata. Mwongozo huu unajibu yote, lakini utakaa zaidi kwenye la tatu. Kuandika dongo zuri watu wengi wanaweza. Kulitoa dongo zuri ndani ya skripti bila kubomoa mengine saba yaliyolizunguka ni kazi nyingine kabisa.

Kwanza tukubaliane maneno. Nyota anayechambwa tutamwita mtaniwa. Wanaopanda jukwaani kumchamba ni watani, na mshereheshaji ni mmoja wao. Mzaha mmoja mmoja ni dongo. Kila dongo lina msingi, yaani maelezo yanayomweka msikilizaji sawa, na pigo, yaani neno linaloleta kicheko. Pigo la pili linalofuata juu ya msingi ule ule tutaliita mkia.

Mfano tutakaotumia ni wa kubuni: golikipa mstaafu aliyewahi kufungwa mabao saba katika fainali moja. Ameandika kitabu cha maisha yake chenye kurasa 600, siku hizi anatangaza kampuni ya mikopo, na hajawahi kufika mahali popote kwa wakati.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kurasa tatu au nne za habari za kweli kuhusu mtaniwa: kazi, matangazo, maneno yake maarufu, aibu zinazojulikana hadharani.
- Orodha ya mambo ya mwiko, imeandikwa na kusainiwa, si ya kuambiwa kwa simu.
- Majina ya watani wote na mpangilio wao wa kupanda jukwaani. Bila mpangilio huwezi kujua nani atamharibia nani.
- Jedwali la madongo lenye safu saba: namba, linamgusa nani, mada, msemaji, sekunde, linategemea namba ipi, na hali yake. Safu ya sita ndiyo wageni huiruka, na ndiyo itakayokuokoa kwenye uhariri.
- Mwanasheria wa kituo na mtu wa maadili ya utangazaji, wote wawili wapatikane hadi usiku wa kurekodi.
- Saa ya kuhesabia sekunde.

Hatua ya 1: Kaa na mtaniwa, chora mipaka

Usimuulize, "Kuna jambo hutaki lisemwe?" Nyota wengi watajibu hapana, kwa sababu kila mtu hupenda kuonekana ana ngozi ngumu. Mpitishe kwenye mada moja moja: ndoa zilizovunjika, fedha, watoto, mwili, kesi, marafiki, waliofariki. Kwenye kila mada apige alama moja kati ya tatu: ruksa, ruksa kwa masharti, mwiko.

Mwiko wa nyota mara nyingi hauko pale unapoutarajia. Kwenye rosti ya Donald Trump iliyorushwa na Comedy Central, kituo cha vichekesho cha Marekani, mwaka 2011, waandishi walisimulia baadaye kwamba nywele na ndoa zake zilikuwa ruksa, ila alikataza dongo linalosema kwamba hana fedha nyingi kama anavyodai. Unaweza kudhani umegundua dhahabu. Iache pale pale ilipo. Mtaniwa akivunjiwa mpaka aliousaini, uso wake utakunja usiku mzima, na kamera itauonyesha kwenye madongo mengine yote.

Uliza pia kuhusu watu wake. Kwenye rosti ya Tom Brady, mchezaji mstaafu wa soka la Kimarekani, iliyorushwa mubashara na Netflix Mei 2024, alivumilia kuchambwa kuhusu talaka yake, lakini mtani mmoja alipomgusa Robert Kraft, mmiliki wa timu aliyochezea miaka mingi, Brady aliinuka kwenda kumwambia asirudie. Baadaye alisema pia kwamba hakupenda jinsi usiku ule ulivyowagusa watoto wake. Kwa hiyo fomu yako iwe na safu mbili: mimi, na watu wangu.

Golikipa wetu ametia alama ya mwiko sehemu moja tu: ugomvi wa nyumba kati yake na kaka yake, ambao uko mahakamani. Mabao saba ameandika, "Pigeni mnavyotaka."

Hatua ya 2: Chagua mada tano, usizidishe

Mtazamaji wa nyumbani hahitaji kumjua mtaniwa kama ndugu yake. Anahitaji mambo matano ambayo kila mtu anayajua au anaweza kuyaelewa kwa sentensi moja. Kwa golikipa wetu ni mabao saba, kitabu, tangazo la mikopo, kuchelewa, na ile sauti yake nzito ya kutoa hotuba hata akiagiza chai.

Mada ikihitaji sentensi tatu za maelezo kabla ya pigo, ondoa. Inaweza kuwachekesha watu kumi waliokuwa naye kambini, lakini televisheni haiwarushii watu kumi.

Hatua ya 3: Andika mara tatu ya unachohitaji

Hesabu yenyewe ni hii. Mtani mmoja akipewa dakika sita, panga maneno 90 hadi 100 ya Kiswahili kwa dakika. Muda unaobaki ni vicheko. Hiyo ni kama maneno 550, yaani madongo 18 hadi 22. Andika 60. Ukiandika 25 utayapenda yote, na ukiyapenda yote hutakata.

Kanuni ya kwanza ya uandishi: neno la pigo likae mwisho kabisa. Kiswahili kinakuruhusu kupanga sentensi kwa namna nyingi, kwa hiyo hakuna kisingizio. Tazama hili:

"Kitabu chake kina kurasa mia sita, na picha zake akiokota mpira nyavuni ni kurasa mia moja, zilizobaki analaumu mabeki."

Wazo lipo, kicheko hakipo. Watu wanasikia "nyavuni", wanaanza kucheka, halafu wanakatizwa na mabeki. Panga upya:

"Kitabu chake kina kurasa mia sita. Mia tano analaumu mabeki. Mia moja ni picha zake akiokota mpira nyavuni."

Habari ni zile zile. Sasa sentensi inapofika mwisho, mtani ananyamaza na ukumbi unafanya kazi yake.

Kanuni ya pili ni ya kamera. Dongo likimgusa mtu aliyeketi ukumbini, jina lake litajwe mwanzoni mwa msingi. Mwongozaji anahitaji sekunde mbili tatu kumtuma mpiga kamera atafute uso. Jina likitokea pamoja na pigo, kamera itamkuta mtu ameshamaliza kucheka na ananyoosha mkono kuchukua maji.

Kanuni ya tatu ni jaribio la jina. Futa jina la mtaniwa, weka la nyota mwingine yeyote. Dongo likiendelea kufanya kazi, si la rosti hii. Madongo ya tumbo, upara na uzee huangukia hapa karibu yote. Hayachomi, yanajaza nafasi tu.

Hatua ya 4: Gawa mada kabla watani hawajaanza kuandika

Watani wakiachwa waandike kila mmoja kivyake, wanane kati yao watakuja na mabao saba. Mtani wa tatu kuyataja atachekewa kwa adabu. Wa tano atasikia mtu akikohoa.

Mkuu wa waandishi agawe. Mada kubwa kuliko zote apewe mtani mmoja aifungue, kwa kawaida wa kwanza au wa pili, na mwingine mmoja wa mwisho airejee. Walio katikati waiguse tu ikiwa wanaitumia kumpiga mtu mwingine. Kwa mfano, mmoja wa watani wetu ni mwigizaji ambaye tamthilia yake ilifutwa mapema. Dongo namba 9 linasema:

"Ndugu yangu mwigizaji, tamthilia yako ilikufa haraka sana. Hata yale mabao saba yalisambaa dakika tisini."

Hapo mabao saba hayarudiwi, yamegeuzwa fimbo ya kumchapia mwingine. Kwenye jedwali, safu ya sita ya dongo namba 9 iandikwe: linategemea namba 3. Namba 3 ndilo dongo litakalowaambia watazamaji kuhusu fainali ile. Likiondoka, hili linabaki kitendawili.

Hatua ya 5: Panga hotuba ya mtani

Mpangilio unaofanya kazi kwenye televisheni ni rahisi. Mtani aanze na dongo la kujipiga mwenyewe ili ukumbi umpe ruhusa. Afuate mshereheshaji, kisha watani wenzake watatu au wanne, kila mmoja madongo mawili au matatu. Nusu ya pili yote iende kwa mtaniwa. Sentensi mbili za mwisho ziwe za heshima ya kweli, fupi, bila chozi.

Dongo la pili kwa ukali liwe la kwanza kwa mtaniwa, na kali kuliko yote liwe la mwisho. Yaliyo katikati yapangwe kwa mada, si kwa ukali, ili mtazamaji asirushwe huku na kule.

Onyo: usiandike mikia zaidi ya miwili kwa msingi mmoja. Wa tatu karibu kila mara ndio mhariri atakaoukata, na akikata vibaya anaondoka na wa pili.

Mtaniwa naye huzungumza mwisho, kujibu. Muandikie yeye kwa uangalifu kuliko wote, na muandikie mwishoni, mkiwa tayari mnajua watani watasema nini. Akijibu madongo ambayo hayatarushwa, atakuwa anagombana na hewa.

Hatua ya 6: Kusoma mezani, na kukata kwa kwanza

Wakusanye watu wanane hadi kumi ambao hawakuandika. Mmoja asome yote kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza, na mwingine akae na jedwali. Kila dongo lipate alama: 2 wakicheka wote, 1 wakicheka baadhi, 0 kimya. Usiruhusu mjadala wakati wa kusoma. Mwandishi akianza kueleza kwa nini dongo lake linachekesha, liandikie 0.

Kutoka 60 bakisha 35: yote ya alama 2, na yale ya alama 1 ambayo yana kazi nyingine, yaani yanabeba msingi wa dongo jingine. Haya ya mwisho wageni huyakata haraka kwa sababu hayachekeshi sana. Ni kama ngazi ya chini. Hakuna anayeisifia, lakini bila hiyo hufiki ya pili.

Dongo namba 3, lile la kufungua mabao saba, lilisomwa mara ya kwanza hivi: "Kwenye fainali alifungwa mabao saba. Kipa gani huyu, ni kama hayupo." Alama 1. Wazo la kutokuwepo ndilo lenye uhai, kwa hiyo lijengewe tukio:

"Usiku wa ile fainali ya mabao saba alirudi nyumbani saa nane. Mkewe akauliza, ulikuwa wapi? Akasema, golini. Mkewe akasema, usinidanganye. Nimeangalia mechi nzima, golini hakukuwa na mtu."

Sekunde 26, alama 2. Angalia pia nani anapigwa. Mke ametajwa, lakini yeye ndiye mshindi wa hadithi. Mtu asiye ukumbini ukimtaja, mpe ushindi au usimtaje.

Hatua ya 7: Mwanasheria na maadili

Peleka madongo 35, yakiwa na namba, siku tano kabla ya kurekodi. Usiyapeleke usiku wa mwisho, kwa sababu mwanasheria aliyebanwa na muda hukata kila kitu.

Wengi hudhani dongo la hatari ni lile kali. Mara nyingi hatari zaidi ni lile linaloaminika. Ukisema golikipa huyu alizaliwa bila mikono, hakuna atakayekwenda mahakamani, kwa kuwa hakuna atakayeamini. Sasa soma hili:

"Kati ya yale mabao saba, matano alifungwa. Mawili alilipwa."

Fupi, pigo liko mwisho, na mezani lilipata 2. Mwanasheria atalikata kwa kalamu nyekundu, na yuko sahihi. Linamtuhumu mtu kosa la jinai ambalo mtazamaji wa kawaida anaweza kuliamini, na televisheni imelirusha. Kucheka hakulifuti.

Kabla ya kulizika, jaribu kuligeuza:

"Wapo waliosema siku ile alihongwa. Huo ni uzushi. Nani atalipia kitu ambacho mwenyewe anakitoa bure?"

Sasa tuhuma imekanushwa na pigo limehamia kwenye uwezo wake wa kudaka, jambo ambalo ameruhusu mwenyewe. Dongo limekuwa salama zaidi na, kwa maoni yetu, linachekesha zaidi. Bado lirudi kwa mwanasheria, kwa sababu mbili. Kurudia uvumi hata kwa kuukana kunaweza kuwa tatizo kutegemea sheria za unakorushia. Halafu, kama uvumi huo haujawahi kuwepo, wewe ndiye utakuwa umeuzaa, na hapo afadhali ubaki na dongo la kitabu.

Mambo mengine yanayokatwa hapa bila majadiliano ni kesi iliyo mahakamani, watoto wadogo, na mtu wa tatu asiye nyota ambaye hakukubali lolote.

Waliofariki wana uzito wao. Kwenye rosti ya Justin Bieber ya mwaka 2015 yalitolewa madongo kuhusu Paul Walker, mwigizaji aliyefariki kwa ajali mwishoni mwa 2013, huku Ludacris, aliyeigiza naye, akiwa mmoja wa watani pale pale jukwaani. Comedy Central iliyaondoa kabla ya kurusha. Habari zilitoka ukumbini hata hivyo. Kukata kwenye uhariri kunamlinda mtazamaji, hakuwalindi waliokuwepo. Ndiyo maana dongo la aina hiyo likatwe hapa, hatua ya saba.

Mkitoka na madongo 25, mko vizuri. Matatu kati yake yawe akiba.

Hatua ya 8: Usiku wa kurekodi

Mwandishi mmoja akae nyuma ya jukwaa karibu na anayeendesha skrini ya kusomea. Kazi yake ni moja: kusikiliza kila mtani na kufuta kwenye skrini kila kilichoshasemwa. Mtani wa kwanza akipiga dongo la kuchelewa ambalo halikuwa kwenye skripti yake, la mtani wa nne kuhusu kuchelewa lazima liondoke, na dongo la akiba liingie. Mtani wa nne aambiwe kabla hajapanda. Kukutana na maneno mapya kwenye skrini huku taa zikimwakia usoni kumewanyamazisha watu wenye uzoefu.

Watani waambiwe pia wanyamaze baada ya pigo hadi kicheko kianze kushuka. Wakizungumza juu ya kicheko, mhariri hana pa kuweka mkasi.

Kama kipindi ni mubashara, hatua inayofuata haipo, kwa hiyo kila lenye shaka liwe limekatwa kabla ya taa kuwaka.

Hatua ya 9: Chumba cha uhariri

Hapa tuchukue hotuba moja nzima. Mtani wetu, aliyepangiwa dakika sita, alitumia dakika 7 na sekunde 10, vicheko ndani. Kipindi kina nafasi ya dakika 5 kamili. Lazima zitoke sekunde 130.

Mgeni huanza kukata madongo yaliyochekesha kidogo. Anza na hesabu nyingine: kwa kila sehemu, gawa sekunde kwa idadi ya vicheko. Dongo la kitabu limechukua sekunde 14 kwa kicheko kimoja kikubwa. Kisa cha kambini kimechukua sekunde 48, nacho kina kicheko kimoja. Hata kama kilikuwa kizuri, ni ghali mno. Kitoke. Zimebaki 82.

Salamu za mwanzo na shukrani kwa waandaaji: sekunde 25, hakuna kicheko. Zitoke. Zimebaki 57. Madongo mawili ya tumbo ambayo mtani aliyaongeza mwenyewe jukwaani: sekunde 22, na yanashindwa jaribio la jina. Zimebaki 35. Dongo la kuchelewa lililopita kwenye wavu wetu nyuma ya jukwaa, ilhali mtani wa kwanza alishalisema: sekunde 15. Zimebaki 20.

Sasa yamebaki madongo mawili ya kuchagua lipi litoke. La kwanza ni dongo namba 9, la tamthilia, sekunde 15. La pili ni namba 12, sekunde 20:

"Kampuni ya mikopo imemchagua yeye atangaze kwa sababu moja. Hakuna anayejua kama yeye uchungu wa kutazama kitu kinapita mikononi na hakirudi."

Namba 12 ndilo lililochekesha zaidi usiku ule. Namba 9 lilipata kicheko cha wastani. Jibu linaonekana wazi, hadi ufungue safu ya sita. Mwigizaji alipopanda baada ya mtani huyu, alifungua hotuba yake kwa kusema, "Dakika tisini si haba, wewe hata salamu zako zimezidi hapo." Ukikata namba 9, jibu lake linakosa swali, na ndilo mlango wa hotuba yake yote. Kumbe dongo la wastani la sekunde 15 limebeba dakika tano za mtu mwingine. (Salamu zenyewe tumezikata, lakini mtazamaji anaelewa utani wa mtu anayesema sana. Jaribu kwa kuwaonyesha watu wawili ambao hawakuwepo.)

Namba 12 halitegemewi na chochote. Na hapo ndipo mtu wa mauzo anapogonga mlango: kampuni hiyo ya mikopo inadhamini kipindi. Usilikate kimya kimya kwa hofu. Mtume akaulize, kwa sababu wadhamini wengine hufurahi kutajwa. Wakikataa, litoke, na sekunde zako 130 zimetimia. Wakikubali, libaki, kisha tafuta sekunde 20 kwenye mikia ya vicheko: nusu sekunde hapa, sekunde moja pale, mahali ambapo makofi yanaendelea bila kuongeza kitu.

Onyo kuhusu nyuso. Uso unaoonyeshwa ukicheka uwe umecheka dongo lile lile. Vipindi vya rosti vya mwimbaji Dean Martin kwenye kituo cha NBC cha Marekani, miaka ya 1970, vilijulikana kwa kubandika vicheko vya wakati mwingine, na mtazamaji makini aliviona. Siku hizi waliokuwa ukumbini wana simu mkononi. Ukimwonyesha mama wa mtaniwa akicheka dongo ambalo kwa kweli alilinunia, utaumbuka kabla kipindi hakijaisha.

Mambo yakiharibika

*Ukumbi umenyamaza kwa madongo matatu mfululizo.* Mara nyingi sababu ni mada iliyokwisha, si mtani mbaya. Mtani aruke hadi sehemu ya mtaniwa. Skrini iwe na alama ya kurukia mahali hapo, imewekwa mapema.

*Ukumbi umeguna badala ya kucheka.* Angalia nani alipigwa. Wakigunia dongo la mtaniwa, mkia mwepesi wa mtani kujipiga mwenyewe unatosha. Wakimgunia mtu dhaifu kuliko msemaji, hakuna mkia utakaosaidia. Aendelee mbele, na dongo liwekewe alama ya kukatwa.

*Mtani ameacha skripti.* Mwandishi wa nyuma ya jukwaa aandike saa na maneno aliyosema. Asubuhi yake maneno hayo yaende kwa mwanasheria kama madongo mapya, kwa sababu hayajawahi kupita kwake.

*Dongo lilichekesha ukumbini, kwenye skrini limekufa.* Sikiliza msingi tena. Huenda lilitegemea kitu ambacho kamera haikukiona, kama mtu aliyekuwa akipita. Kama huna picha ya kitu hicho, kata.

*Baada ya kukata, kuna kicheko kikubwa kwa maneno ya kawaida.* Umekata msingi ukabakisha mkia. Rudi kwenye safu ya sita, kisha rudisha namba ya mzazi au ondoa na mtoto.

*Mtaniwa anapiga simu siku ya pili akitaka dongo litolewe.* Mwisho wa maombi hayo uwe umeandikwa kwenye mkataba, kwa mfano saa 48 baada ya kurekodi, pamoja na jina la mtu mmoja mwenye uamuzi, kwa kawaida mtayarishaji mkuu. Si mwandishi wala mhariri. Ombi likikubaliwa, angalia kwanza kama mtaniwa mwenyewe alilijibu dongo hilo kwenye hotuba yake. Akiwa alilijibu, jibu linatoka nalo, na aambiwe hivyo kabla hajakata simu. Wengine wakisikia kwamba jibu lao zuri litaondoka pia, huomba muda wa kufikiri, kisha hawapigi tena.